Shajara ya mradi: dashibodi ya mauzo ya duka la shangazi

Jumamosi, 3 Mei 2025

Shangazi ana duka la nafaka Kisauni, Mombasa: mchele, unga, maharagwe, sukari, mafuta ya kupima na nazi chache pale mlangoni. Kila Jumamosi alfajiri huenda soko la Kongowea kununua mzigo wa wiki. Akiba ya kununulia huikadiria kwa kutazama salio la M-PESA ya duka, kisha anakisia. Leo alinipigia akiwa bado sokoni.

"Mwanangu, pesa zimeingia nyingi wiki hii, lakini magunia hayajapungua. Nimeuza, au nimepokea tu?"

Swali hilo ndilo mradi wenyewe. Anachotaka ni ukurasa mmoja kwenye simu, unaomwambia kabla ya adhana ya alfajiri ya Jumamosi kwamba wiki iliyokwisha aliuza kiasi gani, na kama ni zaidi au pungufu ya wiki nne za nyuma. Hayo tu. Chati za duara hazihitaji.

Wateja wengi hulipa kwa namba ya tili, na taarifa ya tili hupakuliwa ikiwa faili ya CSV. Nitaiweka ndani ya Google Drive, isomwe na skripti fupi nitakayoiandika kwa Apps Script ya Google, na kuingizwa kwenye Google Sheets. Zote ni za bure kwa ukubwa huu, na simu ya shangazi tayari inazo.

Jambo moja nimelikataa mapema: kuchukua nywila yake ili skripti iingie yenyewe na kupakua taarifa. Anayeingia ni binamu yangu, ambaye amemaliza shule na ndiye mwenye simu isiyozima kila saa. Ijumaa baada ya Isha atapakua faili na kuitupia kwenye folda. Ni kazi ya dakika mbili. Yanayofuata yote yatajiendesha. Ipo njia ya Daraja, mfumo wa Safaricom unaotuma habari za kila malipo papo hapo kwenye anwani ya mtandao uliyoisajili, lakini hiyo inataka seva isiyolala na mtu wa kuilinda. Kwa duka moja linaloulizwa swali moja kwa wiki, naona ni kununua lori la kubebea kikapu.

Jumatano, 7 Mei

Binamu amenitumia faili ya kwanza ya majaribio, ya kuanzia mwanzo wa Aprili. Juu kabisa kuna mistari kadhaa ya utangulizi: jina la duka, namba ya tili, kipindi cha taarifa. Jedwali lenyewe linaanza chini yake, kwa safu hizi ninazozihitaji: `Receipt No.`, `Completion Time`, `Details`, `Transaction Status`, `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Muamala mpya uko juu, wa zamani uko chini.

Mara ya kwanza nilimwambia Apps Script aruke mistari sita. Ilifanya kazi kwa faili hiyo moja. Faili ya pili ilikuwa na mstari mmoja zaidi wa utangulizi, na skripti ikameza kichwa cha jedwali kama muamala. Kuhesabu mistari ni kujitegea mtego. Sasa inatafuta kichwa chenyewe:

```javascript
const mistari = Utilities.parseCsv(faili.getBlob().getDataAsString());
const kichwa = mistari.findIndex(m => m[0].trim() === 'Receipt No.');
const data = mistari.slice(kichwa + 1);
```

Kiasi cha pesa huja na mkato wa maelfu, mfano `1,250.00`, kwa hiyo mkato huondolewa kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba. Safu ya `Withdrawn` katika faili yetu ina alama ya kutoa mbele ya kiasi. Ukitoa namba ambayo tayari ni hasi unaiongeza, basi nimeichukua bila alama kwa `Math.abs`, kisha natoa mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei, usiku

Faili ya kwanza ya wiki kamili. Nilijua binamu atapakua kwa vipindi vinavyoingiliana, leo siku saba, wiki nyingine siku kumi, kwa sababu atasahau aliishia wapi. Ndiyo maana nilitaka skripti itambue muamala uliokwisha kuingia, iuache. Kila muamala una namba ya risiti, nami nikaifanya namba hiyo ndiyo ufunguo. Risiti ikionekana mara ya pili, mstari unarukwa.

Kabla ya kumwonyesha mtu nilifanya hesabu ambayo nadhani kila anayechezea taarifa za pesa angepaswa kuanza nayo. Salio la mwanzo wa wiki, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, lazima upate salio la mwisho lililoandikwa kwenye safu ya `Balance`. Lazima, si karibu karibu.

Wiki ilianza na salio la shilingi 4,310. Zikaingia 61,480. Zikatoka 58,000, nyingi zikiwa zimehamishiwa benki. Skripti ikasema salio la mwisho ni 7,790. Faili ilisema 7,525.

Tofauti ni shilingi 265. Kiasi kidogo hivyo kinashawishi mtu kulala. Lakini tofauti ndogo isiyo na sababu inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyofunikana, basi nikachemsha chai.

Nilifungua faili na kuchuja mistari yenye neno `Charge` kwenye `Details`. Jumla yake: 265. Ada za tili huandikwa kwenye mstari wake, chini ya namba ileile ya risiti ya malipo yaliyozaa ada hiyo. Skripti yangu ilikuwa ikiona malipo, inaandika risiti, kisha inakutana na ada yenye risiti ileile na kusema "huyu nimeshamwona." Ada zote za wiki zilikuwa zimetupwa.

Ufunguo sasa ni risiti, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, vikiunganishwa:

```javascript
const ufunguo = [risiti, ndani, nje].join('|');
```

Nikaendesha tena: 4,310 na 61,480 ni 65,790, toa 58,000 zinabaki 7,790, toa ada 265 zinabaki 7,525. Imekaa.

Hesabu hii nimeiweka ndani ya skripti idumu humo. Inapita mstari kwa mstari kuanzia chini ya faili kwenda juu, kwa kuwa wa chini ndio wa zamani, na ikikuta mahali ambapo salio halifuati inaandika namba ya risiti ya mahali hapo kwenye ukurasa wa `Ukaguzi`. Hivyo binamu akiruka siku moja kati ya faili mbili tutajua siku hiyohiyo, maana salio litaruka nalo. Kwa mtu aliyetazama jumla peke yake, siku iliyorukwa ingeonekana kama siku mbaya ya biashara.

Jumapili, 11 Mei

Shangazi amefungua ukurasa kwa mara ya kwanza. Akacheka.

"Hapa nimeuza mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi umefika lini?"

Kweli. Kulikuwa na mauzo ya tarehe 5 Oktoba, 5 Septemba, 5 Julai. Faili huandika tarehe kwa mtindo wetu, siku kwanza: `10-05-2025` ni tarehe 10 Mei. Jedwali langu la Google Sheets lilikuwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia, likaisoma tarehe hiyo kuwa Oktoba, siku ya tano. Na lilifanya hivyo kimya kimya, maana 10 ni mwezi halali.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba huharibu nusu tu. Kuanzia tarehe 13 hakuna mwezi wa namba hiyo, kwa hiyo `13-04-2025` hubaki kuwa maandishi. Ndiyo dalili ya kulitambua bila kusoma kila mstari: tarehe za siku 1 hadi 12 zimesogea kulia mwa seli kama namba zote, na za siku 13 kwenda mbele zimeegemea kushoto kama maneno. Ukiona safu ya tarehe inayoegemea pande mbili, acha kila kitu ushughulike nayo kwanza.

Ningeweza kubadilisha mtindo wa jedwali kuwa wa Kenya kwenye mipangilio na kwisha. Nimefanya hivyo, lakini sikutaka usahihi wa hesabu utegemee kitu ambacho mtu anaweza kukigusa kwa kidole gumba. Tarehe sasa inajengwa na skripti, kipande kwa kipande:

```javascript
function tarehe(t) {
  const p = t.match(/(\d+)-(\d+)-(\d+) (\d+):(\d+):(\d+)/).map(Number);
  return new Date(p[3], p[2] - 1, p[1], p[4], p[5], p[6]);
}
```

Ile `- 1` si kosa la uandishi. JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri.

Jumapili, 11 Mei, baadaye

Nilidhani tarehe zimekwisha. Nikachora mauzo kwa saa za siku ili nijifurahishe, nikaona duka linauza sana saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo shangazi bado yuko kwenye mkeka wa kuswalia.

Skripti niliinakili kutoka mradi wangu wa zamani uliokuwa umewekwa kwa saa za New York, na jedwali liko kwa saa za Nairobi. Kati yao, msimu huu, kuna saa saba. Muuzo wa saa nne usiku ukawa wa saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake. Kwa siku za katikati ya wiki hilo ni la kuchekesha. Kwa usiku wa mwisho wa wiki linahamisha mauzo kwenda wiki inayofuata, na Ijumaa usiku ndipo watu wanaponunua vitu vya Jumamosi. Mipangilio ya skripti na ya jedwali yote sasa ni `Africa/Nairobi`.

Hili likaleta swali jingine: wiki inaanza lini? Google Sheets, usipoiambia, huhesabu wiki kuanzia Jumapili. Watu wa ofisini huanza Jumatatu. Shangazi hakuelewa hata kwa nini nauliza. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, na Ijumaa ndiyo ya kufungia. Mzigo hununuliwa Jumamosi alfajiri, unauzwa mpaka Ijumaa usiku. Wiki ya lugha na wiki ya duka ni moja, basi dashibodi nayo iwe hivyo.

Kuipata Jumamosi ya kila muamala nilijiandaa kuandika fomula ndefu, kumbe ni hii:

```
=INT(B2)-MOD(INT(B2),7)
```

Ndani ya Google Sheets tarehe ni namba ya siku zilizopita tangu 30 Desemba 1899, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo kila namba inayogawanyika kwa saba bila baki ni Jumamosi. Toa baki, umerudi mwanzo wa wiki. Sijawahi kufurahia fomula kama hii.

Na saa kwenye chati nimeziandika kwa Kiswahili. Shangazi akiona 19 hafikirii chochote. Akiona "saa 1 usiku" anakumbuka hata nani alikuja. Ni `(h + 5) % 12 + 1`, ambapo `h` ni saa ya faili: 7 inatoa 1, 12 inatoa 6, 19 inatoa 1.

Jumatano, 14 Mei

Hesabu ni safi, tarehe ni safi, na jibu bado si sahihi.

Dashibodi ilisema wiki ya 3 hadi 9 Mei ziliingia shilingi 61,480, na wiki iliyotangulia 55,200. Kwa namba hizo biashara imepanda. Lakini shangazi bado anasema magunia hayakupungua, nami namwamini yeye kuliko jedwali langu. Nilikwenda dukani jioni, tukakaa kwenye kreti za soda na kupitia mistari yote yenye shilingi 1,000 au zaidi.

Elfu tano zilikuwa zake mwenyewe. Alilipa tili yake kutoka simu yake ya binafsi ili salio litoshe kumlipa mwenye mchele.

Shilingi 8,150 zilikuwa madeni. Wateja watatu wa daftari walilipwa mishahara wakaja kufuta majina yao. Bidhaa zilitoka dukani Aprili, pesa zimeingia Mei. Mfanyakazi wa benki ataziita mapato ya wiki hii. Mtu anayetaka kujua anunue magunia mangapi atapotea akiziita hivyo.

Shilingi 2,400 zilikuwa kosa la mteja aliyetaka kulipa 240. Zilirejeshwa, akalipa upya. Kwenye faili ziliingia na zikatoka, lakini mimi nilikuwa nikijumlisha `Paid In` peke yake, kwa hiyo kuingia nilikuona na kutoka sikukuona.

Na mara mbili, jirani mmoja alilipa 1,000 kwa tili akapewa noti ya 1,000. Hakununua kitu. Alikuwa na haja ya noti na wakala alikuwa amefunga. Shangazi anaita hilo "kubadilishia".

Jumla ya hayo manne ni 17,550. Ondoa kwenye 61,480, mauzo ya tili yanabaki 43,930. Tulirudia zoezi kwa wiki ya nyuma, zile 55,200 zikabaki 47,600. Pesa iliyoingia imepanda kwa zaidi ya elfu sita, mauzo yameshuka kwa karibu elfu nne. Shangazi alitazama ile namba, akasema, "Si nilikwambia," akaenda kumpimia mtoto mafuta.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeongeza safu ya `Aina` yenye chaguo tano: mauzo, deni, yangu, rejesho, kubadilishia. Skripti inakisia inachoweza. Mstari wenye `Reversal` kwenye `Details` ni rejesho, na malipo ya awali yaliyorejeshwa hufutwa kwenye mauzo. Malipo yenye jina la shangazi mwenyewe ni "yangu". Yote yaliyo chini ya 1,000 huitwa mauzo bila kuuliza. Yaliyobaki, kwa kawaida kumi hivi kwa wiki, yanatiwa rangi ya manjano, naye huchagua kwenye simu akiwa amekaa. Nilijaribu kuifanya skripti itambue madeni kwa kiasi, nikaacha. Deni la 1,300 na muuzo wa 1,300 vinafanana kama mapacha. Anayejua ni mwenye daftari.

Chini ya 1,000 najua kuna madeni madogo yanayopita kama mauzo. Tumekubaliana kuyaacha. Shangazi akiulizwa maswali arobaini kila Ijumaa atajibu wiki mbili, ya tatu atazima simu.

Hapa tena nikajikwaa, na hili lilinitoa jasho. Skripti ilikuwa ikifuta ukurasa wa data na kuuandika upya kila inapoendeshwa, mpya juu. Chaguo za shangazi zilikuwa kwenye safu ya pembeni, hazifutwi. Faili mpya ilipoingia, mistari ikashuka na chaguo zikabaki palepale. Deni la jirani likamwangukia mtu aliyenunua sukari. Salio lilikaa sawa, jumla ya yaliyoingia ilikaa sawa, ukaguzi ulipita. Mauzo peke yake ndiyo yalikuwa uongo.

Sasa chaguo zinahifadhiwa kwenye ukurasa wake, kila moja pamoja na ule ufunguo wa risiti na kiasi. Ukurasa wa data unaweza kupanguliwa utakavyo. `Aina` inatafutwa kwa ufunguo na haitegemei tena mahali mstari ulipo. Shangazi alilazimika kuchagua upya za wiki mbili. Nilimnunulia mahamri.

Jumapili, 18 Mei

Majina. Faili ina majina ya wateja na sehemu ya namba zao za simu. Dashibodi haihitaji hata moja ya hivyo, na binamu hufungua ukurasa ule mbele ya watu. Skripti inalisoma `Details` ili kukisia aina, kisha hailiandiki popote. Kwenye mistari ya manjano panaonekana siku, saa na kiasi, na kwa shangazi hiyo inatosha kumkumbusha. Faili mbichi huhamishiwa folda ya `Zilizosomwa` ambayo haijashirikishwa na yeyote, na baada ya siku 60 hutupwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, lakini hata bila sheria, nani anunue mchele pale akijua daftari lake liko kwenye simu za watu?

Jumamosi, 24 Mei

Kujisasisha. Mwanzoni niliweka kwenye `Triggers` skripti iamke kila Jumamosi kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Jana binamu alikuwa harusini, akatuma faili leo saa moja asubuhi. Skripti iliamka, ikakuta folda tupu, ikalala mpaka Jumamosi ijayo. Shangazi akaenda Kongowea na namba za wiki ya juzi bila kujua.

Mambo mawili yamebadilika. Kwanza, skripti inaamka kila saa, inachungulia folda, ikikuta hakuna faili inalala:

```javascript
ScriptApp.newTrigger('sasisha').timeBased().everyHours(1).create();
```

Kuchungulia folda tupu huchukua sekunde chache. Google huruhusu kila mwendo usizidi dakika sita, na faili ya wiki yetu haimalizi hata nusu dakika, mradi mistari iandikwe yote kwa mkupuo mmoja wa `setValues`. Toleo langu la mwanzo liliandika mstari mmoja mmoja, na faili ya Aprili nzima ilikaribia kuvuka muda.

La pili lina uzito zaidi. Juu kabisa ya dashibodi, kabla ya namba yoyote, pameandikwa "Taarifa mpaka:" ikifuatwa na tarehe na saa ya muamala wa mwisho ulioingia. Nasisitiza: saa ya muamala, si saa ambayo skripti iliendeshwa. Skripti inaweza kuamka mara 24 kwa siku juu ya data ya mwezi jana na ikajiona imefanya kazi. Muamala wa mwisho ukipitwa na saa 36, seli inakuwa nyekundu. Duka halijawahi kukaa muda huo bila malipo hata moja.

Jumamosi, 31 Mei

Fedha taslimu. Nilikuwa nikilikwepa hili kwa sababu hakuna faili ya kulisoma. Kwa wiki mbili nimemwomba shangazi ahesabu droo kila usiku na kuandika jumla moja, baada ya kutoa ya chenji aliyoanza nayo na kurudisha alichotoa kwa matumizi. Usiku sita kati ya kumi na nne alisahau. Katika zile nane alizoandika, taslimu ilikuwa kati ya robo na nusu ya mauzo ya siku, na haikufuata mwenendo wowote wa tili. Kwa hiyo siwezi kuchukua mauzo ya tili nikazidisha kwa namba fulani nikasema hii ndiyo jumla.

Nilichofanya ni kubadilisha kichwa. Paliposomeka "Mauzo ya wiki" sasa panasomeka "Mauzo ya tili", na pembeni kuna seli moja ya "Taslimu" ambayo hubaki na alama ya kuuliza mpaka ajaze siku zote saba. Jumla ya vyote viwili haionekani kabla ya hapo. Alilalamika kwamba ukurasa unamgombeza.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki ya Idi. Mauzo ya tili 71,300, na mshale wa kijani umeenda juu kabisa. Mshale hulinganisha na wastani wa wiki nne zilizopita, ambazo zote zilikuwa za kawaida. Shangazi hakudanganyika nao. Alisema wiki ijayo watu watakula mabaki, akapunguza mchele, akaongeza unga.

Nimeongeza safu ya maelezo ambapo anaweza kuandika "Idi" au "shule zimefungua". Wiki yenye maelezo haiingii kwenye wastani wa zinazofuata. Bila hivyo, kwa mwezi mzima baada ya Idi kila wiki ya kawaida ingeonyeshwa ikiwa imeanguka.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na moja alfajiri simu imeita. Nilidhani kuna msiba.

"Kisanduku chako kimekuwa chekundu. Kinasema mpaka Alhamisi saa 2 asubuhi."

Binamu alikuwa amepakua kipindi pungufu, kikaishia Alhamisi. Nikamwambia shangazi amwamshe. Faili imeingia saa kumi na moja na nusu, na kwa kuwa skripti ingeamka baada ya nusu saa nyingine nimeiendesha kwa mkono nikiwa kitandani. Seli imerudi nyeupe: mpaka Ijumaa, saa 4:12 usiku. Ukaguzi hauna mstari hata mmoja. Mauzo ya tili 40,150, madeni yaliyolipwa 2,700.

"Basi magunia mawili yatatosha," akasema, na nikasikia kondakta akiita Kongowea.

Kilichobaki kwenye orodha ni kitufe cha kusasisha papo hapo, awe nacho kwenye simu yake.